Kipindi cha Kusahihishana

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, na nina mkono mkali wa kalamu nyekundu. Wazazi walishaniambia. Walimu wenzangu walikuwa wakinitania ofisini kwamba daftari likitoka kwangu linafaa kupelekwa zahanati likafungwe bandeji. Nilicheka nao, tena kwa majivuno. Niliona huo ndio ualimu, na kwamba mwalimu asiyeacha wino kwenye kazi ya mtoto anakula mshahara wa bure.

Mimi ni mtu wa Kwamndolwa, pale Korogwe. Babu yangu alifika kukata mkonge akitokea mbali, akazaa, akazikwa hapohapo, na sisi wajukuu tukawa wenyeji. Shule ninayofundisha iko Handeni vijijini, kwenye mahindi na machungwa, ambako wazee wanasalimiana Kizigua na kunigeukia kwa Kiswahili. Nyumbani naenda mwisho wa mwezi.

Ijumaa mchana, watoto wakishaondoka, walimu tunabaki kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Ijumaa moja zamu ilikuwa ya mwalimu wa darasa la nne, binti mdogo aliyeajiriwa mwaka juzi, mpole, mwenye kupenda kuchora mishale ubaoni. Alizungumzia wanafunzi kusahihishana. Alisema mtoto akisoma kazi ya mwenzake kwa kufuata orodha ya vigezo, kimoja baada ya kingine, anajifunza pia kuiona kazi yake mwenyewe. Akasema maoni yawe mahususi, na yawe ya upole.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu, wakati huo mimi niwe nakunywa chai?"

Watu walicheka. Yeye akatabasamu tu akasema, "Hapana dada, wewe ndiyo utakuwa na kazi kubwa zaidi. Ni kuandaa."

Sikumsikia vizuri. Nilichosikia ni kwamba darasa langu la sita lina watoto sitini na wanane, kwamba nina madaftari sitini na nane ya insha, na kwamba kumbe kuna njia ya kuyapunguza. Huo ndio ukweli, na sina sababu ya kuupamba leo.

Nikaandika andalio la somo kwenye meza ya ofisini, nusu saa haijafika. Kichwa cha insha kilikuwa *Siku Nisiyoisahau*. Utangulizi dakika tano, kubadilishana madaftari dakika tano, kusoma na kuweka alama za vyema, kisha maoni. Kwenye karatasi la manila nikaandika vigezo vitano: mwandiko unasomeka, insha ina mwanzo, insha inaeleweka, insha ina mwisho, hakuna makosa. Chini yake nikaandika: *Andika maoni yako kwa mwenzako.* Basi. Sikuandika maoni ya namna gani. Sikutoa hata mfano mmoja. Binti wa watu alikuwa ametueleza kwamba mtoto aonyeshwe kwanza maoni mazuri yalivyo, lakini hapo nilikuwa natafuta chaki.

Siku ya kipindi, kabla sijasema lolote, nikaona kalamu nyekundu. Watoto walikuwa wamepita dukani asubuhi. Darasani kwetu hakuna mtoto anayegusa wino mwekundu, ni wa mwalimu, na waliposikia jana yake kwamba kesho watasahihishana walielewa kitu kimoja tu, kwamba kesho watakuwa walimu. Wasiokuwa na pesa walichangia kalamu moja dawati zima. Nilifurahi kuwaona na hamu ile. Nikawaacha.

Nilikuwa nimewapanga wawiliwawili, anayejua na asiyejua. Kiranja wa darasa, msichana anayeongoza mitihani tangu darasa la pili, nilimpa mtoto mmoja wa dawati la nyuma. Huyu wa nyuma alikuwa akilelewa na bibi yake. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la nne, baba hajulikani alipo. Alikuwa mtoto wa kukaa kimya, wa kuandika sentensi tatu pale wenzake walipoandika ukurasa. Siku ile alikuwa ameandika kurasa mbili kasoro. Niliziona nilipopita. Niliziona kurasa, sikusoma kilichoandikwa.

Kipindi kilikwenda kwa utulivu ambao sijawahi kuupata. Vichwa vimeinama, kalamu zinakwaruza. Nilisimama mlangoni nikijipongeza. Kengele ilipogonga nikakusanya madaftari, nikayapitia ofisini harakaharaka: vyema vipo, maoni yapo, natia sahihi, linalofuata. Kwenye sehemu ya tathmini nikaandika kile tunachoandika sote, kwamba somo limeeleweka na wachache watasaidiwa.

Mtoto wa dawati la nyuma hakuja kesho yake. Wala keshokutwa. Siku ya tatu nikamwuliza kiranja kama ana habari zake, na kiranja akaanza kulia.

"Ni mimi, mwalimu," akasema. "Ni yale maoni."

"Maoni gani?"

Aliyajua kwa moyo. "*Haieleweki. Haina mwisho. Umezoea uvivu. Rudia yote.*"

Nikawaka. Nikamwuliza nani kamfundisha kumtukana mwenzake, na kama nyumbani kwao ndivyo wanavyozungumza. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mikono nyuma, machozi yanatiririka, kisha akaenda kwenye dawati lake akarudi na daftari lake la mwaka jana. Akalifungua mbele yangu. Ilikuwa insha yake kuhusu kilimo. Chini, kwa mwandiko wangu mkubwa uliolala upande, kulikuwa na maneno: *Haieleweki hapa. Umeanza uvivu. Rudia.* Yeye, mtoto wa kwanza darasani.

"Nilidhani ndivyo inavyoandikwa," akasema. "Na wewe ulisaini, mwalimu."

Nilimruhusu aende. Nikabaki nimekaa, na aibu niliyoisikia sina namna ya kuipima. Nikafungua madaftari mengine yaliyokuwa kabatini mwa darasa. *Hovyo. Kichwa maji. Huna akili ya kuandika. Jirekebishe. Mwandiko wa kuku.* Watoto sitini na wanane walikuwa wamefanya kazi yao vizuri sana siku ile. Walikuwa wameniiga mimi. Na chini ya kila ukurasa kulikuwa na sahihi yangu, ile ya mbwembwe, yenye mkia.

Daftari la mtoto yule halikuwemo. Siku ile ya kipindi, nilipoyarudisha darasani, yeye alilichukua la kwake akaenda nalo nyumbani.

Baada ya masomo nilimfuata kwao, mwendo wa kama saa nzima kwa mguu, njia ya kuelekea Kwedizinga. Nilimkuta bibi yake amekaa nje ya jiko anapukuchua mahindi kwenye ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Karibu. Nilikuwa najiuliza utakuja lini."

Alinipa kigoda. Nikamweleza kwamba mjukuu wake hajafika shule siku tatu. Akasema anajua, mtoto amesema anaumwa tumbo lakini anakula. Nikamwuliza kama daftari lake la Kiswahili lipo, kwa sababu kuna insha nataka kuisoma.

Bibi aliendelea kupukuchua. "Alirudi siku ile akachana karatasi, akanipa. Akasema, bibi, washia moto. Nikamuuliza, hizi si za shule? Akasema si za kitu." Akaniangalia. "Mimi sijui kusoma mwalimu. Nikawashia. Zilikuwa za kitu?"

Nilikuwa nimeshaambiwa na kiranja, njiani wakati ananionyesha njia ya kukatia shambani, kwamba insha ile ilimhusu mama. Kwa hiyo nilijua kitu ambacho huyu mama mzee hakukijua: kwamba maandishi pekee duniani juu ya binti yake yalipita mikononi mwake, akapikia uji. Sikuweza kumwambia. Nilisema zilikuwa za zoezi tu, bibi, si neno. Ni uongo ambao naubeba mpaka leo.

Mtoto akatokea na ndoo ya maji kichwani. Akaitua, akanisalimia, akasimama. Nilimwomba msamaha. Mimi, mbele ya bibi yake, kwa maneno ya kawaida: kwamba maoni aliyopewa yalikuwa mabaya, kwamba mwenzake aliyaiga kwangu, na kwamba mimi niliyatia sahihi bila kusoma insha yake. Nikamwomba arudi, na akiweza aiandike tena ile insha.

"Ndiyo mwalimu," akasema. Mtoto wa kwetu humjibu mwalimu "ndiyo" hata anapomaanisha hapana.

Alirudi Jumatatu. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kwa yule binti mwalimu wa darasa la nne, nimemkuta anakunywa chai yake na muhogo, nikamwambia, "Nifundishe kuandaa." Hakunicheka. Alisogeza sahani, akatoa karatasi.

Tulikaa naye siku mbili kwa andalio moja. Alinifuta karibu kila kitu. Mwandiko aliutoa kabisa, akasema mtoto akiambiwa anaandika vibaya, hatasikia lingine lolote. "Insha inaeleweka" aliniuliza mtoto atajuaje, ataliona wapi kwenye karatasi? Kigezo kiwe kitu ambacho unaweza kuweka kidole juu yake ukasema hiki hapa. Tukaandika: *Aya ya kwanza inasema ilikuwa lini na wapi. Kuna kitu mwandishi alichokiona au kukisikia. Kila aya ina wazo moja. Sentensi zinaanza kwa herufi kubwa na kuishia na nukta.* Vichache vinatosha, akasema, na vingine watavitaja watoto wenyewe. Nikamwuliza kuhusu kile cha insha kuwa na mwisho. "Siku nyingine mtu hana mwisho, dada," akasema. "Tuandike tu, *mwandishi amesema siku ile ilimwachia nini*. Kama hajasema, mwenzake aulize."

Kalamu nyekundu marufuku, penseli tu. Hakuna alama za namba. Na maoni yawe na sehemu mbili, zianze hivi kila moja: *Nimependa pale uliposema…* na *Ningependa kujua zaidi kuhusu…* Mwenye insha naye apewe mstari wa kujibu, kisha muda wa kuiboresha, maana maoni asiyopewa nafasi ya kuyatumia yanamfaa nini. Vipindi viwili mfululizo, dakika themanini. Cha kwanza chote kiwe cha kuonyesha.

"Kuonyesha kwa insha ya nani?" nikauliza. "Nikichukua ya mtoto mmoja, itakuwa yaleyale."

"Ya kwako," akasema binti wa watu.

Nikaiandika. Siku nisiyoisahau: siku niliyohamia Handeni kuanza kazi, nimeacha mtoto wangu wa miezi saba kwa mama yangu Kwamndolwa kwa sababu kituo hakikuwa na nyumba ya mwalimu. Niliandika kwamba nilipanda gari asubuhi, nikafika mchana, nikalia stendi. Nikaibandika ubaoni, nikakaa kwenye dawati la mbele, magoti yamebana, nikawaambia waisahihishe.

Kwanza walikataa. Kisha mmoja akanyoosha kidole akasema kwa woga kwamba ni nzuri. Nikamwuliza, nzuri wapi? Onyesha. Akashindwa, darasa likacheka, wakaelewa kwamba "nzuri" peke yake haimsaidii mtu, kama vile "mbaya" isivyomsaidia. Tukaenda taratibu. Mmoja akasema amependa pale niliposema nimebeba jiko la mkaa mapajani, kwa sababu aliliona. Mwingine akasema aya ya pili ina mawazo mawili, na alisema kweli. Kisha msichana mmoja akauliza, "Ningependa kujua zaidi kuhusu mtoto. Ulivyokuwa unaondoka, alikuwa analia au amelala?"

Nilikuwa nimeandaa kila dakika ya kipindi kile, isipokuwa hiyo.

"Alikuwa amelala," nikasema. "Nilingoja alale ndipo niondoke."

Hakuna aliyecheka. Nikaongeza sentensi hiyo kwenye karatasi ubaoni, wakaniona ninavyorekebisha. Halafu nikawaambia jambo nililotakiwa kulisema wiki ile ya kwanza: kwamba yale maneno waliyoandikiana yalikuwa yangu, kwamba niliyaandika mimi kwenye madaftari yao miaka yote, na kwamba yalikuwa makosa. Mtoto wa dawati la nyuma alikuwa anatazama dirishani.

Kipindi cha pili wakasahihishana insha mpya walizokuwa wameandika nyumbani. Niliwapanga upya wote, isipokuwa wawili. Kiranja alikuwa amekuja ofisini asubuhi kuniomba arudishiwe mwenzake yuleyule. Niliogopa. Nikamwambia akamwulize mwenyewe, na mwenyewe akasema haidhuru.

Insha mpya ya mtoto yule ilihusu mbuzi. Safari hii niliisoma, neno kwa neno, nimesimama nyuma ya dawati lake. Mbuzi wa jirani alikula kitenge cha bibi. Ilikuwa na lini na wapi, kila aya ina wazo moja, sentensi zote zina nukta. Ilitimiza kila kigezo tulichoandika. Ukiwa mgeni ungesema andalio langu limefanikiwa. Mimi niliona mtoto aliyetuandikia kitu kisichomuuma ili tusimguse tena, na nilijua kwamba ile nyingine hataniandikia. Hata nikimpa mwaka mzima.

Kiranja aliweka vyema vyake kwa penseli. Kwenye maoni alikaa muda mrefu. Wenzake walimaliza, wakaanza kujibizana kwa sauti za chini, yeye bado ameinama. Kisha akamsogezea mwenzake daftari. Nilisoma baadaye, ofisini, mlango nimeurudisha.

*Nimependa pale uliposema mbuzi alikimbia na kitenge mdomoni na bibi akamfuata na mwiko. Lakini naikumbuka ile ya kwanza. Niliisoma mara mbili kwa sababu ya vigezo. Nimependa pale uliposema ilikuwa likizo, mama anakusuka nywele na yeye amelala kitandani, akasuka upande mmoja akachoka, akasema tutamalizia kesho. Niliweka kosa kwa sababu iliishia hapo. Ningependa kujua zaidi kuhusu upande wa pili ulisukwa na nani.*

Chini yake kulikuwa na mstari wa mwenye insha kujibu. Wengi waliandika *ahsante* au *nitarekebisha*. Yeye alikuwa ameandika kwa herufi ndogo zilizosimama vizuri:

*Hakuna mtu. Bibi alininyoa zote.*